Mjamzito, umekutana na tetekuwanga au rubela na hujui kama una kinga: anza na tarehe

Jumatatu moja asubuhi mama mmoja wa Nyalenda alinivuta pembeni ya foleni ya kliniki hapa Kisumu. "Sista, mtoto wa dada yangu ametokwa na vipele vya maji. Tunalala naye chumba kimoja, na mimi nina mimba ya wiki 22. Nishachelewa?"

Hakuwa amechelewa. Tena siku hiyo hakuwa hatari kwa wajawazito wenzake waliokaa kwenye benchi, kwa sababu hata kama virusi vilishamwingia, vilikuwa bado havijafika hatua ya kutoka kwake kwenda kwa mwingine. Lakini siku zilikuwa zimeanza kuhesabika. Nimefanya kazi ya ukunga miaka mingi, na katika jambo hili nimeona wanaopata shida kubwa ni wale waliosubiri waone kama watatokwa na vipele ndipo waje. Wakija, damu ambayo wiki mbili nyuma ingetoa jibu wazi haitoi tena jibu hilo, na dawa ya kuzuia imeshapitwa na wakati wake.

Nitaeleza hatua kama nilivyomwongoza mama huyo, kisha nitaigeukia rubela, maana njia zinaachana hapo katikati.

Hatua ya 1: Andika tarehe mbili

Chukua kalamu na kijitabu chako cha kliniki. Andika tarehe ambayo mgonjwa alitokwa na kipele cha kwanza, na tarehe ambayo wewe ulikuwa naye karibu mara ya kwanza.

Mwenye tetekuwanga huambukiza tangu siku moja au mbili kabla ya vipele kuonekana, mpaka vyote vikauke na kuwa vigaga, kwa kawaida siku tano hadi saba baada ya kipele cha kwanza. Kwa hiyo "tulikutana kabla hajaugua" haikuokoi kama ilikuwa jana yake. Mwenye rubela huambukiza muda mrefu zaidi, karibu wiki moja kabla ya upele na wiki moja baada yake.

Kukutana kwenyewe kunahesabiwa vipi? Kuishi nyumba moja kunatosha. Kukaa chumba kimoja dakika 15 au zaidi kunatosha, na kuongea naye uso kwa uso kunatosha hata kwa muda mfupi zaidi ya huo. Kupita naye barabarani Kondele au kumwona akishuka kwenye matatu si kukutana. Na usisahau mkanda wa jeshi: ni virusi vilevile vya tetekuwanga vilivyoamka upya mwilini mwa mtu mzima. Ukimwosha au kumpaka dawa mtu mwenye mkanda wa jeshi ulio wazi, hesabu hiyo kama umekutana na tetekuwanga.

Mama wa Nyalenda aliandika: kipele cha kwanza cha mtoto, Jumamosi tarehe 7. Kwa kuwa wanaishi pamoja, tarehe hiyo ndiyo tuliyoifanya siku ya sifuri.

Aliniuliza kama amrudishe mtoto kwa nyanya yake Siaya. Nilimwambia asifanye hivyo. Alishalala naye zile siku mbili mbaya kabla ya vipele, na kumhamisha mtoto sasa ni kuupeleka ugonjwa kwenye boma lingine ambako huenda kuna mjamzito wa pili au mtoto mchanga. Ila kama wewe na mgonjwa hamjakaa pamoja kabisa, basi kaa mbali mpaka vigaga vikauke.

Hatua ya 2: Hakikisha ni ugonjwa gani

Kwetu watu wengi huita kila upele wa mtoto surua, na jina hilo moja limepoteza wengi. Mwangalie mtoto mwenyewe, au mwombe mama yake akutumie picha kwenye simu.

Tetekuwanga ina malengelenge madogo yenye maji, yanawasha sana, na utaona ya rika tofauti kwa wakati mmoja: pale chekundu tu, hapa kimejaa maji, kule kigaga. Hujaa zaidi kifuani, tumboni, mgongoni na kichwani ndani ya nywele. Rubela haina maji. Ni upele mwepesi unaoanzia usoni, homa si kali, na vinundu huvimba nyuma ya masikio na kwenye kisogo. Kwa siku tatu hivi umeisha. Surua yenyewe huja na homa kali, kikohozi, mafua na macho mekundu.

Tetekuwanga unaweza kuitambua kwa macho. Rubela huwezi, hata mimi siwezi, kwa sababu magonjwa mengi ya watoto yanafanana nayo. Kwa hiyo mtoto mwenye homa na upele usio na maji apelekwe zahanati akatolewe damu. Hapa Kenya homa na upele wa namna hiyo ni jambo linaloripotiwa, na sampuli hupimwa surua na rubela. Jibu la mtoto litakusaidia wewe mjamzito kuliko kukisia.

Hatua ya 3: Uliza historia yako, lakini uliza vizuri

Mpigie mama yako au shangazi aliyekulea. Usimuulize "niliugua surua?" Muulize: "Nilipokuwa mdogo nilitokwa na vipele vya maji vilivyowasha na kuacha vigaga?" Angalia paji la uso wako na mgongo, tetekuwanga huacha vishimo vidogo vya mviringo. Mtu aliyeugua tetekuwanga kweli, au mkanda wa jeshi, huwa na kinga, na kwa mjamzito mwenye afya hiyo historia ya uhakika inaweza kutosha.

Tatizo ni pale historia ni ya kubahatisha. Katika nchi za joto watu wengi hufika utu uzima bila kuugua tetekuwanga, tofauti na nchi za baridi ambako karibu kila mtoto huipata. Kwa hiyo usijifariji kwamba "lazima niliipata shuleni." Chanjo yake nayo haimo katika chanjo za kawaida za watoto wa Kenya.

Kwa rubela kuna swali moja zuri sana: ulizaliwa mwaka gani? Mei 2016 kulikuwa na kampeni ya nchi nzima ya chanjo ya surua na rubela kwa watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, kisha chanjo hiyo ikaingia katika ratiba ya kawaida. Mama aliyezaliwa mwaka 2003 huenda alichomwa sindano hiyo akiwa shuleni na kuwekwa wino kwenye kidole. Aliyezaliwa 1995 alipitwa, na chanjo aliyopata utotoni ilikuwa ya surua peke yake. Hilo ni dokezo, si jibu. Jibu liko kwenye damu.

Hatua ya 4: Toa damu wiki hii, na utaje kipimo kwa jina

Vipimo vya kawaida vya kliniki ya kwanza huangalia wingi wa damu, kundi la damu, kaswende, virusi vya ukimwi na mkojo. Kinga ya tetekuwanga na ya rubela haimo. Ndiyo maana wengi hawajui, na si uzembe wao.

Mwombe daktari aandike `VZV IgG` kwa tetekuwanga, au `Rubella IgG` na `Rubella IgM` kwa rubela. IgG ni kingamwili za muda mrefu, na IgM ni zile za mwanzo zinazoashiria maambukizi ya karibuni. Ukitoa damu mapema, ndani ya wiki moja hivi tangu mkutane, na IgG ikaonekana, maana yake ulikuwa nazo tangu zamani, kwa sababu mwili haujapata muda wa kutengeneza mpya. Una kinga, nenda nyumbani ukalale. Ukitoa damu hiyohiyo wiki ya tatu, IgG ikionekana hakuna anayejua kama ni ya utotoni au ni ya juzi.

Hapa ndipo mama wa Nyalenda alipokaribia kupotea. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amepita maabara moja ya mtaani, akaambiwa kipimo anachohitaji ni `TORCH`, akaanza kuchangisha pesa. Kifurushi hicho kwa kawaida kina toksoplazima, rubela, saitomegalo na hepesi ya kawaida, ile ya mdomoni na sehemu za siri. Tetekuwanga haimo. Angelipa, angeletewa karatasi ndefu yenye alama za kujumlisha na kutoa, na swali lake lingebaki palepale. Soma fomu kabla hujatoa mkono: kama huoni `VZV` au neno `Varicella`, hicho si kipimo chako.

Maabara nyingi hazifanyi kipimo hiki papo hapo. Sampuli husafirishwa na jibu huchukua siku kadhaa. Uliza litarudi lini, na uliza kama wanaweza kuhifadhi sehemu ya sampuli kwa ajili ya kulinganisha baadaye. Ukiwa nje ya mji, anza kwenye kituo chako na uombe rufaa ya hospitali ya kaunti. Usikae ukisubiri siku yako ya kliniki ya mwezi ujao.

Damu yake ilitolewa Jumatatu tarehe 9. Jibu lilirudi Alhamisi tarehe 12: hana kingamwili za tetekuwanga.

Hatua ya 5: Kama huna kinga ya tetekuwanga

Kuna njia mbili za kuzuia. Ya kwanza ni sindano ya kingamwili zilizochukuliwa kutoka damu ya watu wengine, ambayo hufaa ikitolewa ndani ya siku 10 tangu mkutane. Ni ghali na haipatikani kirahisi, kwa hiyo usipoteze wiki nzima ukiitafuta. Ya pili ni vidonge vya asiklovia, vilivyo katika maduka mengi ya dawa. Uingereza ilibadilisha mwongozo wake mwaka 2022 na kuvifanya vidonge hivi chaguo la kwanza kwa wajawazito wasio na kinga, wa umri wowote wa mimba. Asiklovia imetumiwa na wajawazito wengi kwa miaka mingi bila kuonekana kuongeza kasoro kwa watoto. Anayeamua na kuandika ni daktari, lakini wewe ujue hesabu yake ili uione ikikosewa.

Dozi ya kuzuia ni miligramu 800 mara nne kwa siku, kwa siku saba, kuanzia siku ya 7 tangu mkutane. Si siku ya kwanza. Watu hushangaa, wanataka kumeza leo. Virusi huzaana kimyakimya kwanza, kisha karibu wiki ya pili humwagika kwenye damu kwa wingi na kuelekea kwenye ngozi na mapafu. Dawa inapaswa kuwa damuni wakati huo. Watoto waliopewa mara moja baada ya kukutana na mgonjwa waliugua zaidi kuliko waliosubiri siku ya 7. Ukija umechelewa, mathalani siku ya 9, daktari bado anaweza kukuanzishia.

Kwa mama wetu siku ya 7 ilikuwa Jumamosi tarehe 14. Duka lilikuwa na vidonge vya miligramu 400, kwa hiyo viwili kila dozi, vinane kwa siku, 56 kwa wiki. Kama ni vya 200, ni vinne kila dozi na jumla 112. Nakupa idadi kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi ni mama kupewa vidonge vya 200, kimoja mara tano kwa siku. Hiyo ni dozi ya vidonda vya hepesi, na kwa tetekuwanga ni ndogo mno. Kunywa maji ya kutosha siku zote saba. Kama una ugonjwa wa figo, au unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, sema kabla ya kuanza, kwa sababu baadhi ya dawa hizo na asiklovia hupita kwenye figo zilezile na daktari atataka kuziangalia. Mwenye virusi vya ukimwi anaweza kuugua vibaya zaidi, kwa hiyo asinyimwe dawa, apimwe tu.

Hatua ya 6: Kuanzia siku ya 8, piga simu kabla ya kuja

Tangu siku ya 8 hadi ya 21 mchukulie kila mtu kwamba unaweza kumwambukiza, hata ukijisikia mzima. Ukipewa ile sindano, hesabu hadi siku ya 28. Kwa mama wa Nyalenda ilikuwa tarehe 15 hadi 28. Alisimama kazi yake ya ususi, akaacha mkutano wa chama, na tarehe ya kliniki iliyoangukia katikati tuliisogeza. Kama lazima uje, piga simu, usikae kwenye benchi la wajawazito, ngoja nje uitwe.

Jumanne tarehe 24, siku ya 17, alinipigia. Vipele kumi hivi, kifuani na nyuma ya shingo. Dawa haizuii kila mara, lakini mara nyingi hupunguza ukali. Aliingizwa kwa mlango wa nyuma, daktari akamsikiliza kifua, akampa dozi ya kutibu: miligramu 800 mara tano kwa siku, siku saba. Hii hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 24 tangu kipele cha kwanza, ndiyo maana nilimwambia ajikague kila asubuhi na jioni. Kwa homa alipewa paracetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, na kwa mwasho losheni ya kalamaini.

Kinachoua mjamzito katika tetekuwanga ni nimonia, na hatari yake huongezeka mimba inapokuwa kubwa, na kwa mvutaji wa sigara au mwenye pumu. Ukianza kukohoa, kubanwa na kifua, kuhema ukitembea kwenda chooni, vipele kutoa damu, kichwa kuuma kupita kiasi au kuchanganyikiwa, au mtoto wa tumboni kupunguza kucheza, usimpigie mtu simu kuuliza. Nenda hospitali kubwa usiku huohuo. Hapo dawa hupitia kwenye mshipa.

Na mtoto aliye tumboni? Tetekuwanga ikimpata mama kabla ya wiki 28, mtoto anaweza kuathirika ngozi, macho, viungo au ubongo, lakini ni watoto wachache, kiasi cha 1 kati ya 100 au pungufu. Hukaguliwa kwa altrasaundi ya kina, wiki 5 au zaidi baada ya vipele. Skani ya wiki moja baadaye haina maana, kwa sababu madhara hayajapata muda wa kuonekana. Mama yetu alifanyiwa akiwa wiki 29, na hakukuonekana kasoro.

Hatari ya namna nyingine iko mwishoni. Vipele vikitoka ndani ya siku saba kabla au baada ya kujifungua, mtoto huzaliwa na virusi bila kingamwili za mama, na anaweza kuugua vibaya sana. Mwambie mkunga mara moja, mtoto ashughulikiwe tangu siku ya kwanza. Kama uzazi ulipangwa na unaweza kusogezwa, daktari hujaribu kuusogeza.

Jambo moja zaidi. Kama mwezi huo hukuugua, na siku ya 15 mtoto wa pili nyumbani akatokwa na vipele, hesabu huanza upya.

Kama ni rubela

Hapa hakuna kidonge cha kuzuia. Kazi yote iko kwenye damu na umri wa mimba. IgG ikiwepo kwenye damu ya mapema, umemaliza. Isipokuwepo, damu hurudiwa baada ya wiki 3 hadi 4, na mara nyingine tena karibu wiki ya 6, ikiwezekana katika maabara ileile. Rudia hata kama hukuona upele, kwa sababu watu wengi huugua rubela bila dalili yoyote.

Umri wa mimba ndio unaoamua uzito. Maambukizi ndani ya wiki 12 za kwanza humfikia na kumdhuru mtoto mara nyingi sana: mtoto wa jicho, uziwi, moyo. Kati ya wiki 12 na 16 hatari hushuka, na linalobaki zaidi ni uziwi. Baada ya wiki 20 madhara ni nadra. Kwa hiyo kama hujui mimba ina wiki ngapi, altrasaundi ya kupima umri wake ifanyike mapema, kabla ya majibu kurudi.

Nawaomba mama zangu, msiamue jambo lisilorudi nyuma kwa sababu ya karatasi moja iliyoandikwa `IgM Positive`. Kipimo hicho kinaweza kudanganya, hasa kwa mtu ambaye hakukutana na mgonjwa wala hakuwa na upele. Lazima kirudiwe, IgG ilinganishwe, na daktari wa uzazi asome majibu yote pamoja.

Baada ya kujifungua

Chanjo za rubela na tetekuwanga zina virusi hai vilivyodhoofishwa, kwa hiyo hazitolewi wakati wa mimba. Hutolewa baada ya kujifungua, na kunyonyesha hakuzuii. Ya tetekuwanga ni dozi mbili, zikitengana wiki 4 hadi 8, na kwetu utaitafuta hospitali za kulipia. Baada ya chanjo yoyote kati ya hizo, subiri mwezi mmoja kabla ya kushika mimba nyingine.

Mama wa Nyalenda haihitaji tena ya tetekuwanga. Nilimwandikia kwa kalamu nyekundu kwenye jalada la ndani la kijitabu chake: ameugua tetekuwanga, tarehe 24, wiki 24. Chini yake nikaandika kwamba rubela bado haijapimwa.